Kontena limekwama kwa sababu ya nyaraka: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu kumfuatilia ajenti

Ukurasa huu ni wa mtu ambaye meli yake imeshafika, kontena limeshashushwa, na kila akimpigia ajenti anajibiwa "nyaraka bado, bosi". Nimekaa pande zote mbili. Kwanza nilikuwa kwenye meza ya ajenti nikipokea simu hizo, baadaye nikawa mwenye mzigo ninayezipiga. Majibu mengi hapa yanahusu hati ya shehena, ile ambayo watu wa bandarini huita bielo, kwa sababu ndiyo inayokwamisha makontena mengi na ndiyo ambayo wenye mizigo wengi hawaielewi vizuri.

## Mambo ya msingi

Ajenti anasema "nyaraka bado". Nyaraka zipi hasa?

Hilo ndilo swali la kwanza la kumrudishia, na usikubali jibu lisilotaja hati kwa jina. "Nyaraka" ni furushi la karatasi zinazotoka kwa watu tofauti. Ankara ya biashara na orodha ya vifurushi hutoka kwa muuzaji. Bielo hutolewa na kampuni ya meli, lakini hupitia mikononi mwa muuzaji kabla ya kukufikia. Cheti cha asili ya bidhaa hutolewa na chemba ya biashara au mamlaka ya nchi ilikotoka bidhaa. Vyeti vya ukaguzi hutoka kwa mkaguzi, na vibali vya kuingiza hutoka kwenye taasisi za nchi yako mwenyewe.

Ukishajua jina la hati unajua nani wa kubanwa. Ankara ikikosekana, muuzaji anaituma kwa barua pepe kabla chai yako haijapoa. Bielo halisi ikikosekana, huenda ni wiki nzima. Ajenti anayesema "nyaraka" bila kutaja jina ama hajafungua faili lako, ama amelifungua na hataki kukuambia alichokikuta.

Ushuru nimeshalipa. Kwa nini kontena halitoki?

Kwa sababu kontena lina milango miwili na kila mlango una bawabu wake. Forodha hufungua mmoja ukishatoa tamko, ukalipa, na mzigo ukaruhusiwa. Wa pili unafunguliwa na kampuni ya meli, nayo haijali umelipa ushuru kiasi gani. Inataka kujua kitu kimoja: je, wewe ndiwe mwenye haki ya kupokea mzigo huu? Ikiridhika, na gharama zake zikilipwa, inatoa delivari oda, yaani agizo kwa bandari kwamba kontena namba fulani akabidhiwe fulani.

Ndiyo maana unaweza kuwa na risiti ya ushuru mkononi na kontena likabaki pale pale. Nacho kinyume chake hutokea: delivari oda ipo, lakini forodha wanasubiri cheti. Muulize ajenti ni mlango upi uliofungwa. Akisema yote miwili, muulize kwa nini hakuanza kuishughulikia kwa pamoja, kwa sababu kazi hizo mbili kwa kawaida hazisubiriani.

Gharama zinaanza kuhesabiwa lini?

Kuna mita tatu, na watu huzichanganya. Dimareji hudaiwa na kampuni ya meli kwa kontena lake kukaa bandarini kupita siku za bure. Ditensheni hudaiwa na kampuni hiyo hiyo, ila kwa siku ambazo kontena liko nje, tangu litoke getini hadi lirudishwe tupu. Storeji ni ya bandari au yadi, kwa kukalia eneo lao. Nyaraka zikichelewa, mita mbili huenda pamoja: dimareji na storeji.

Siku za bure mara nyingi huhesabiwa tangu kontena liliposhushwa melini, na kwa mikataba mingi wikiendi na sikukuu zinahesabiwa pia. Usikisie. Kampuni ya meli huandika idadi ya siku kwenye taarifa ya kuwasili kwa meli au kwenye jedwali lake la tozo, na muuzaji huenda alikuombea siku zaidi alipokodi nafasi. Waulize kampuni ya meli siku ya mwisho ya bure ni tarehe ngapi, kisha iandike mahali utakapoiona kila asubuhi.

Jambo jingine ni kwamba tozo hupanda kwa ngazi. Siku ya kumi baada ya muda wa bure haina bei ya siku ya kwanza.

## Kumfuatilia ajenti

Nimwandikie nini ili apate la kujibu?

Ujumbe wa "vipi mzigo wangu?" hujibiwa "tunafuatilia", na nyote wawili mnaondoka bila kitu. Andika maswali manne, uyaambatanishe na namba ya kontena na namba ya bielo, na yatume kwa maandishi hata kama mmeongea kwa simu. Mimi huandika hivi:

> Habari za asubuhi kaka. Kuhusu kontena letu (namba hii) na bielo (namba hii), naomba unijibu haya kabla ya saa sita:
> 1. Hati inayokosekana ni ipi kwa jina?
> 2. Kwa sasa iko kwa nani, na tangu lini?
> 3. Umewaandikia lini mara ya mwisho, na wamejibu nini? Nitumie barua pepe yenyewe.
> 4. Siku ya mwisho ya bure ni tarehe ngapi?
> Kama kuna barua inayotakiwa kutoka kwangu au kwa muuzaji, nitumie mfano wake leo nianze kuishughulikia.

Swali la tatu ndilo lenye meno. Ajenti aliyefuatilia kweli anakutumia barua pepe hiyo kwa dakika mbili. Asiyefuatilia atakuandikia aya nzima kuhusu jinsi kampuni ya meli ilivyo na foleni. Mstari wa mwisho nao una kazi yake: mara nyingi kinachokwamisha ni barua ndogo kutoka kwako, yenye mhuri, ambayo ajenti amesahau kukuomba na sasa anaona aibu kuiomba.

Hapokei simu. Niendelee kupiga?

Piga mara mbili kwa siku, asubuhi na baada ya mchana, basi. Simu ya ishirini haifanyi kazi ya ziada. Badala yake mtafute mtu mwingine ndani ya ofisi ile ile. Kwa kawaida kuna anayeandaa tamko la forodha, kuna anayezunguka na karatasi kwenye ofisi za meli na bandari, na kuna mhasibu. Huyu anayezunguka ndiye anayejua ukweli. Bosi wake anajua alichoambiwa naye.

Ukinyamaziwa siku mbili mfululizo huku siku za bure zinakwisha, usimngoje tena. Soma swali linalofuata.

Naweza kwenda au kuandika mwenyewe kwa kampuni ya meli?

Ndiyo, kama jina lako lipo kwenye bielo kama mpokeaji au kama mtu wa kujulishwa. Huhitaji leseni ya uajenti ili kuuliza. Leseni inahitajika kwenye shughuli za forodha. Andika kwa ofisi ya kampuni ya meli iliyoko bandari ya kushushia, dawati la uagizaji, ukitaja namba ya bielo, na uulize mambo matatu: bielo hii ni ya aina gani, je, imeshasalimishwa au wanasubiri halisi, na je, kuna deni lolote juu yake.

Nimeona kesi ambapo jibu la barua pepe hiyo moja lilimaliza wiki mbili za ubishi. Ajenti alikuwa anasema muuzaji hajatuma nyaraka. Muuzaji alikuwa anaapa ametuma. Kampuni ya meli ikajibu kwa mstari mmoja kwamba mzigo uliruhusiwa siku tisa zilizopita na kilichobaki ni ada zake za bandarini hazijalipwa. Ajenti alikuwa ameshapokea fedha za ada hizo. Alikuwa amezitumia kwa kontena la mtu mwingine.

Nimwandikie na muuzaji, au nimwachie ajenti?

Mwandikie wewe. Muuzaji anakujua wewe, na fedha zake zinatoka kwako. Barua ya ajenti asiyemjua ataisoma kesho. Muulize namba ya kufuatilia bahasha kama alituma kwa kuria, na umwombe picha ya bielo pande zote mbili, mbele na nyuma. Kwa nini nyuma? Jibu liko kwenye kisa kilichopo chini.

## Bielo yenyewe

Ajenti anasema anasubiri "halisi". Nakala niliyonayo haitoshi?

Inategemea bielo ilitolewa kwa namna gani, na unaweza kuiangalia mwenyewe kwenye nakala. Kuna namna tatu za kawaida.

Ya kwanza ni bielo halisi za karatasi, ambazo kwa desturi hutolewa tatu. Tazama kisanduku kinachotaja idadi ya nakala halisi. Kikisomeka tatu, kampuni ya meli inataka karatasi moja kati ya hizo ifike dirishani kwake. Moja inatosha, na ikishapokelewa zile mbili zinakufa. Nakala ya kompyuta hapa haina nguvu hata ikiwa na rangi zote.

Ya pili ni teleksi rilizi. Jina ni la zamani, teleksi yenyewe ilishazikwa. Muuzaji anarudisha karatasi zote tatu kwenye ofisi ya kampuni ya meli huko huko zilikotolewa, na ofisi hiyo inaandikia ofisi ya huku kwamba mzigo utolewe bila karatasi. Hapa hakuna bahasha ya kusubiri. Ukiambiwa "tunasubiri halisi" wakati muuzaji amefanya teleksi rilizi, mtu mmoja hajaangalia mfumo.

Ya tatu ni wei bili ya bahari. Hii haina karatasi ya kusalimisha kabisa. Mpokeaji aliyetajwa anajitambulisha na kupewa mzigo. Ajenti akikwambia anasubiri halisi ya wei bili, mwambie aisome tena, maana imeandikwa juu kabisa.

Muuzaji anasema alituma kwa kuria. Ajenti anasema hajapokea. Nani mkweli?

Huenda wote. Hiki ni kisa cha kontena langu mwenyewe la futi 40, na nakieleza kirefu kwa sababu kina makosa mawili yanayojirudia.

Kontena lilishushwa tarehe 3, nikiwa na siku saba za bure, kwa hiyo ya mwisho ilikuwa tarehe 9. Ajenti aliendelea kusema nyaraka hazijafika. Tarehe 8 nikamwomba muuzaji namba ya kufuatilia, nikaiingiza kwenye ukurasa wa kampuni ya kuria. Bahasha ilikuwa imepokelewa siku tano nyuma, na aliyesaini alikuwa na jina ambalo hakuna mtu ofisini kwa ajenti aliyelijua. Nikaenda. Ofisi iko ghorofa ya tatu. Chini mlangoni kuna meza ya mlinzi, na juu yake kitabu cha wageni. Nikamtajia mlinzi lile jina, akacheka: "Huyo ni mwenzangu wa zamu ya usiku, mzee." Akainua kitabu cha wageni. Bahasha ilikuwa chini yake, kona moja imekunjika, haijafunguliwa.

Hilo ndilo kosa la kwanza, na bado lilikuwa na dawa, kwa maana tulikuwa na siku moja mkononi. Kosa la pili tuliliona dirishani tarehe 9. Kwenye nafasi ya mpokeaji bielo haikuandikwa jina langu, iliandikwa "TO ORDER", kwa amri. Bielo ya namna hiyo hupokezanwa kwa saini: muuzaji lazima asaini na kugonga mhuri nyuma ndipo haki ya mzigo ihame. Karani aliigeuza, akaitazama, akanirudishia. Nyuma palikuwa peupe kwenye karatasi zote tatu.

Tarehe 10 tukazirudisha zote tatu kwa kuria. Zikamfikia muuzaji tarehe 13. Nikamwambia asinitumie tena, azisalimishe huko huko. Alizisalimisha tarehe 14, ujumbe wa kuruhusu ukafika huku tarehe 15, na siku hiyo hiyo tukapata delivari oda. Kontena likatoka getini tarehe 17, kwa sababu tamko la forodha lilikuwa limeshakamilika tangu mwanzo. Kama tungelisubirisha hilo nalo, tungeongeza siku nyingine.

Hesabu yake: kuanzia tarehe 10 hadi 17 ni siku nane za kulipia. Chukua tozo ya mfano, dola 40 kwa siku tano za kwanza na dola 80 kwa zinazofuata. Siku tano ni dola 200, siku tatu ni dola 240, jumla dola 440 za dimareji peke yake, kabla ya storeji ya bandari. Picha moja ya upande wa nyuma, iliyoombwa kabla muuzaji hajafunga bahasha, ingezuia yote hayo.

Nina bielo halisi mkononi na kampuni ya meli inaikataa. Inawezekanaje?

Angalia juu ya karatasi ni jina la nani. Kama mzigo ulipitia kwa forwada, yaani wakala wa usafirishaji asiyekuwa na meli yake, huenda una bielo yake, siyo ya mwenye meli. Forwada anampa muuzaji wako bielo ya nyumba. Mwenye meli anampa forwada bielo kuu. Kwenye bielo kuu mpokeaji si wewe, ni mwakilishi wa forwada katika bandari yako. Kampuni ya meli haikujui na haina kosa.

Hapo bielo yako inapelekwa kwa mwakilishi huyo wa forwada. Yeye ndiye anayechukua ruhusa ya kampuni ya meli kwa bielo kuu, kisha anakukabidhi wewe. Jina na anwani yake kwa kawaida vimechapwa kwenye bielo yako, kwenye kisanduku cha mtu wa kuwasiliana naye ili kupokea mzigo. Ajenti anayezunguka wiki nzima kwenye ofisi ya meli akiwa na bielo ya nyumba hajasoma kisanduku hicho. Na kama mwakilishi huyo naye amekwama, huenda forwada hajailipa kampuni ya meli nauli. Muulize hivyo waziwazi, na umwandikie muuzaji kwa wakati mmoja, kwa sababu ndiye aliyemchagua forwada.

Jina langu limekosewa, au namba ya kontena haifanani. Ajenti arekebishe?

Hawezi. Kilichoandikwa kwenye manifesti, yaani orodha ya mizigo ambayo kampuni ya meli huwasilisha forodhani, hurekebishwa na kampuni ya meli yenyewe. Kwa kawaida ombi linaanzia kwa muuzaji: anaiandikia ofisi ya meli huko ilikotolewa bielo, akieleza kosa na jinsi linavyotakiwa kusomeka, na karatasi halisi zinarudishwa ili zibadilishwe. Ofisi ya huku haibadilishi neno mpaka ipate idhini ya kule. Kuna ada, na forodha huenda wakatoza faini kwa marekebisho baada ya meli kufika.

Namba ya kontena ina herufi nne na tarakimu saba. Tarakimu ya mwisho hukokotolewa kutokana na herufi na tarakimu zilizotangulia, kwa kanuni ya ISO 6346, kwa hiyo mfumo hukataa namba nyingi zilizokosewa tarakimu moja. Ukiona ukurasa wa kufuatilia unasema namba si sahihi, linganisha na picha ya mlango wa kontena aliyopiga muuzaji wakati wa kupakia. Kila mara muombe picha hiyo.

Nyaraka ziko benki. Ajenti anasaidia nini hapo?

Hasaidii, na tumia hasira yako kwingine. Kama mlikubaliana malipo kwa barua ya mkopo ya benki au kwa nyaraka dhidi ya malipo, bielo inasafiri kutoka benki ya muuzaji kwenda benki yako. Wewe ndiye mteja, piga wewe. Kwa barua ya mkopo, chini ya kanuni za UCP 600 benki ina hadi siku tano za kazi kukagua nyaraka zilizowasilishwa. Ikikuta hitilafu, hata herufi moja kwenye jina, inaweza kuzikataa na kukuuliza kama unazikubali hivyo hivyo. Barua hiyo ya benki hulala kwenye kikasha cha mhasibu wako huku wewe unamfokea ajenti.

Meli ikitangulia karatasi, iulize benki kuhusu dhamana ya usafirishaji. Benki inaihakikishia kampuni ya meli kwamba bielo halisi ikifika itakabidhiwa, na mzigo unatolewa kwanza. Ujue tu kwamba ukishachukua mzigo kwa dhamana hiyo, kukataa nyaraka zenye hitilafu baadaye ni vigumu mno.

Bielo zimepotea kabisa. Sasa?

Kwanza hakikisha zimepotea, tazama kisa cha mlinzi hapo juu. Zikiwa zimepotea kweli, kampuni ya meli itadai barua ya kinga: ahadi ya maandishi kwamba mtu mwingine akija na zile karatasi, utabeba hasara. Kwa kawaida barua hiyo lazima iambatane na dhamana ya benki, mara nyingi kwa kiasi kinachozidi thamani ya mzigo, na inakaa miaka. Kampuni ya meli haikuonei. Bielo ya "kwa amri" iliyosainiwa nyuma ni sawa na noti, anayeiokota anaweza kuitumia.

Tumia namna ya maneno wanayotoa wao, neno kwa neno. Barua iliyotungwa na ajenti wako itarudishwa.

## Cheti cha asili na karatasi ndogo

Kinachokosekana ni cheti cha asili tu. Kontena lisubiri?

Si lazima. Cheti cha asili mara nyingi kinahusu kiwango cha ushuru, siyo haki ya kupokea mzigo. Mwambie ajenti aulize forodha kwa maandishi kama wanakubali kuutoa mzigo kwa kulipa kiwango kamili au kuweka dhamana, kisha cheti kikaletwa ndani ya muda maalumu. Mkataba wa Kyoto uliorekebishwa, unaosimamiwa na Shirika la Forodha Duniani, unazitaka forodha za nchi wanachama kuruhusu hati za kuunga mkono zikawasilishwa baadaye pale sababu za kuchelewa zinapokubalika. Utaratibu wa kila nchi unatofautiana, lakini ajenti asiyeuliza kabisa amekuamulia hasara. Linganisha tofauti ya ushuru na siku za dimareji, kisha uamue.

Ruhusa hiyo haifiki kwenye kila kitu. Mimea, vyakula na dawa zinazohitaji cheti cha afya hazitoki bila cheti hicho.

## Mambo yakiharibika

Ajenti anazo nyaraka ila anazishikilia mpaka nimlipe. Ana haki?

Mara nyingi ndiyo, kwa kiasi. Masharti ya kazi uliyosaini pengine yanampa haki ya kuzuia nyaraka mpaka deni la kazi hiyo lilipwe, na mengine yanagusa hata madeni ya zamani. Mwombe ankara yenye mchanganuo na risiti za kila alicholipa kwa niaba yako. Kama unabishia sehemu ndogo, lipa huku ukiandika kwamba unalipa kwa kupinga, chukua karatasi, mdai baadaye. Ubishi wa dola 100 unaogharimu dola 80 kwa siku unakuwa wa hasara siku ya pili.

Nibadilishe ajenti katikati?

Uliza kwanza tamko la forodha limefika wapi. Kama halijawasilishwa, kubadilisha ni rahisi: barua ya kufuta uwakilishi kwa wa zamani, barua ya kumteua mpya, nakala kwa kampuni ya meli, na nyaraka zihame kwa kusainiana. Kama limeshawasilishwa kwa jina la wa zamani, huenda likalazimika kufutwa na kuanza upya, na hapo mara nyingi ni nafuu kummalizia huyo huyo na kumwacha kwenye kontena lijalo. Kikwazo kikiwa kwa muuzaji au benki, ajenti mpya atakaa kwenye foleni ile ile.

Dimareji ya kuchelewa nani alipe?

Kampuni ya meli itamdai mpokeaji, na haitasikiliza nani alikosea. Kwanza unalipa, halafu unadai. Ndiyo maana ule ujumbe wa maswali manne una thamani hata usipojibiwa: unaonyesha tarehe. Gawanya siku kwa tarehe hizo. Katika kisa changu, bahasha kukaa chini ya kitabu cha wageni lilikuwa jambo la ajenti, lakini iligunduliwa ndani ya siku za bure, kwa hiyo haikuzaa hata senti. Siku zote nane zilitokana na saini iliyokosekana nyuma, na hilo lilikuwa la muuzaji. Nilimtumia ankara ya dimareji, picha ya upande wa nyuma mweupe, na tarehe za kuria za kwenda na kurudi. Alikata nusu kwenye ankara iliyofuata na kukataa nyingine, kwa hoja kwamba picha ya mbele alinitumia kabla meli haijaondoka na maneno "kwa amri" yalionekana wazi.